Leja inasema mifuko minne ya growa, stoo ina miwili: tatizo liko wapi?

Banda_Mikindani (mwanzisha uzi)

Wadau wa kuku, habari za leo. Naomba tuangalie leja hii ya stoo kwa pamoja. Ni shamba la kuku wa nyama hapa Mtwara Mikindani, makundi mawili yanayolishwa kutoka stoo moja. Kundi A waliingia 300, wamekufa 10, leo wana siku 28. Kundi B waliingia 200, wamekufa 2, leo wana siku 14.

Growa iliingia mifuko 12 ya kilo 50, jumla kilo 600. Kijana wa banda anapima kwa ndoo ya lita 20 na kila ndoo inaandikwa kilo 10. Tangu kundi A waanze growa siku ya 15 zimeandikwa ndoo 40, zote chini ya A. Kwa hiyo leja inasema imetumika kilo 400 na salio ni kilo 200, yaani mifuko minne. Stoo kuna mifuko miwili mizima, hakuna mwingine uliofunguliwa.

Upande wa chanjo leja inaonyesha Gumboro dozi 200 zimebaki na Lasota dozi 509. Kwenye friji hakuna kichupa hata kimoja. Amprolium leja inasema imekwisha, ila kuna pakiti iliyofunguliwa rafuni. Nataka leja ambayo nikiiangalia nijue kila kundi limetumia nini na kimebaki nini kweli. Nianzie wapi kurekebisha?

---

Kipanga_Masasi

Dada, mifuko miwili haipotei hivi hivi. Hapo kuna mkono wa mtu. Badilisha kufuli ya stoo, ufunguo kaa nao mwenyewe, utaona leja inanyooka yenyewe. Kuhusu chanjo, dozi zilizobaki zinatunzika. Chanjo ya mdondo ya matone ya macho inavumilia joto, hivyo hizo 509 zilipaswa kuwepo.

---

Mzee_wa_Leja

Kipanga, tusimguse kijana wa watu kabla ya kugusa mzani. Banda_Mikindani, naomba majibu mawili. Stata uliyokuwa unatumia ilikuwa ya unga au peleti? Na growa je? Halafu, hiyo ndoo kuandikwa kilo 10, ilipimwa lini na ikiwa na chakula gani?

---

Banda_Mikindani

Stata ilikuwa ya unga. Growa ni peleti. Ndoo ilipimwa mwanzoni kabisa, wakati wa stata, ikatoa kilo 10 kamili. Ndoo ni ileile mpaka leo.

---

Mzee_wa_Leja

Basi upotevu wako naanza kuuona. Ndoo ni ileile lakini kilichomo si kilekile. Unga wa kuku ni mwepesi kwa ujazo, una hewa nyingi katikati. Peleti zinalala karibu karibu. Ndoo ya lita 20 iliyotoa kilo 10 ya unga itakupa kilo 12 hadi 13 ya peleti.

Fanya hivi leo kabla ya kulisha jioni. Chukua mzani wa kuning'iniza, pima kwanza ndoo tupu na uandike uzito wake. Kisha mwambie kijana ajaze kama anavyojaza kila siku. Usijaze wewe, maana mkono wako si wake: wewe utasawazisha juu, yeye huenda anaacha kichuguu. Pima ndoo tatu hivyo, toa uzito wa ndoo tupu, chukua wastani. Uuandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ndoo yenyewe, pamoja na jina la chakula. Ukibadili chakula, au hata ukibadili kampuni ya chakula kilekile, unapima upya.

Ukipata wastani, rudi hapa nao.

---

Mama_Tetea_Nachingwea

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina kuku wa mayai 150 na natafuta mchanganyiko wa kutengeneza chakula mwenyewe kwa mahindi na mashudu ya ufuta. Hiyo ndoo ya kilo 12 mnaweka mashudu kiasi gani?

---

Mzee_wa_Leja

Mama Tetea, karibu, lakini hapa hatuchanganyi chakula. Tunapima kilichotoka stoo ili kilingane na kilichoandikwa. La mchanganyiko lifungulie uzi wake, watu wa ufuta wako wengi huku Lindi watakujibu. Ila kama una leja ya dawa kwa hao wa mayai, kaa, kuna sehemu itakuhusu.

---

Banda_Mikindani

Nimepima ndoo tatu alizojaza kijana. Baada ya kutoa ndoo tupu nimepata 12.3, 12.7 na 12.5. Wastani kilo 12.5.

---

Mzee_wa_Leja

Ndoo 40 mara 12.5 ni kilo 500. Uliingiza 600, zinabaki 100. Ndiyo mifuko miwili uliyoiona. Chakula hakijaibwa, kiliandikwa pungufu kilo 2.5 kila ndoo kwa wiki mbili.

Lakini usifunge daftari bado. Salio la stoo sasa ni sahihi, ila matumizi ya kila kundi bado siyaamini. Gawanya kilo 500 kwa kuku 290 wa kundi A: unapata kama kilo 1.72 kwa kuku mmoja, siku ya 15 hadi 28. Miongozo ya kuku wa nyama wa kisasa inaonyesha kiasi cha kilo 1.6 kwa kipindi hicho, na kwa joto la pwani hii hula pungufu, hawazidishi. Kuna chakula kimeandikwa kwa A ambacho A hawakukila.

Angalia safu za stata. Kundi B lilikula nini kila siku tangu waingie? Kuna siku B hawana mstari wowote?

---

Banda_Mikindani

Stata ilikwisha tarehe 9 usiku. Mzigo mwingine ulishuka tarehe 12 jioni. Siku hizo tatu, 10, 11 na 12, B hawana kilichoandikwa. Kijana anasema aliwapa growa, kama robo tatu na ushee ya ndoo kwa siku, na kuiandika pamoja na ya A kwa sababu mfuko ulikuwa wa A.

---

Mzee_wa_Leja

Hapo sasa. Tuseme ndoo 0.8 kwa siku, siku tatu ni ndoo 2.4, mara 12.5 ni kilo 30. Vifaranga 198 wa siku 10 hadi 12 wanakula karibu gramu 50 kila mmoja kwa siku, ambayo kwa siku tatu ni kilo 29 na kitu. Maneno ya kijana yanakubaliana na tumbo la kuku.

Rekebisha: A wametumia kilo 470, B kilo 30. Kwa A inakuwa kilo 1.62 kwa kuku. Na usifute mistari ya zamani. Ongeza mistari miwili ya marekebisho ya tarehe ya leo: A toa 30, B weka 30, sababu "stata haikuwepo tarehe 10 hadi 12". Ukifuta, mwezi ujao hutajua kwa nini kundi B lilikua polepole wiki ya pili. Peleti za growa ni kubwa kwa kifaranga wa siku 10 na protini yake iko chini ya stata, kwa hiyo mstari huo una kazi nyingine zaidi ya hesabu.

---

Kipanga_Masasi

Nakubali kuhusu ndoo. Ila 1.62 kwa joto la Mtwara bado naiona juu. Mzee umesema mwenyewe kwamba pwani wanakula pungufu. Kuna chakula kinamwagika au kuna ndoo inatoka nje ya banda.

---

Mzee_wa_Leja

Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Njia ya kujua ni kuinua maranda chini ya vilishio asubuhi na kutazama kama kuna peleti. Mdomo wa kilishio uwe usawa wa mgongo wa kuku. Kikiwa chini zaidi wanakwangua na kumwaga. Leja peke yake haitatenganisha kilichomwagika na kilichotoka nje. Inachofanya ni kukuonyesha ukubwa wa pengo. Wapime kuku 15 bila kuchagua. Wakiwa na kilo moja na nusu kwenda juu, chakula kimeingia mwilini.

---

Dokta_Kuku_Lindi

Niingie kwenye chanjo, maana hapo leja inadanganya kwa namna nyingine.

Kichupa cha Gumboro cha dozi 500 kikishayeyushwa kina saa mbili hivi za uhai. Ulichanja kuku 300, dozi 200 zilizosalia zilikufa siku ileile. Hazikupaswa kuonekana kama salio hata dakika moja. Kwa hiyo kipimo cha stoo kwa chanjo kiwe kichupa, si dozi. Kikifunguliwa, kimetoka chote. Idadi ya kuku waliochanjwa iandikwe kwenye safu nyingine kama maelezo, isiingie kwenye hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Kipanga, chanjo ya mdondo ya I-2 inayotengenezwa na TVLA kule Kibaha kweli inastahimili joto kuliko nyingine, na ina maelekezo yake ya kutumia baada ya kufunguliwa. Soma karatasi iliyokuja nayo. Lakini hayo hayahamii kwa Lasota wala Gumboro. Hizo zinataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote. Umeme ukikatika saa nyingi, andika kwenye mstari wa kichupa hicho tarehe na muda. Kichupa kinaweza kuwa rafuni na kisiwe na chanjo hai ndani yake.

Sasa swali: hiyo Lasota dozi 509 ilipatikanaje?

---

Banda_Mikindani

Tarehe 7 kundi A walikuwa na siku 21, B siku 7. Wote walikuwa na zamu ya Lasota. Kilifunguliwa kichupa cha 500 kwa A na kingine cha 500 kwa B. Kuku 292 na 199. Elfu moja kutoa 491 ni 509.

---

Dokta_Kuku_Lindi

Umeona mwenyewe: 491 wangetosha kichupa kimoja. Makundi yako yamepishana siku 14, na ratiba yako ni mdondo siku ya 7 na 21, Gumboro siku ya 14 na 28. Maana yake A wanapofika siku ya 21, B wako siku ya 7, wote Lasota. Leo A wako 28 na B 14, wote Gumboro. Ukiweka kwenye leja safu ya tarehe ya chanjo inayofuata kwa kila kundi, zamu hizi zinaonekana kabla hujanunua.

Kwa leo una kuku 290 na 198, jumla 488. Kichupa kimoja cha 500 kinatosha. Wangekuwa 520 ningekwambia ufungue viwili, chanjo haivutwi ikafika.

Namna ya kugawa: yeyusha kichupa kwenye lita moja ya maji safi yasiyo na klorini, yaliyokwisha kuchanganywa na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita. Mililita 400 ziende kwa B, 600 kwa A. Kisha kila fungu uliongezee maji ya aina hiyohiyo mpaka kiasi wanachomaliza ndani ya saa mbili. Kanuni ya kuanzia ni idadi ya kuku mara umri kwa siku, gawa kwa 1000: B ni karibu lita 2.8, A ni lita 8. Fanya alfajiri. Jua likishapanda huku kwetu wanakunywa haraka na wenye nguvu wanamaliza kabla ya wanyonge, ndipo unaongeza maji kidogo. Ondoa vinywesheo saa moja kabla, si zaidi kwa joto hili. Anza na B kisha A, usirudi kwa wadogo na viatu vya kwa wakubwa.

Kwenye leja andika mistari miwili: B kichupa 0.4, A kichupa 0.6. Jumla moja, imetoka. Pia andika namba ya toleo la kichupa na tarehe ya kuisha muda. Kuku wakiugua Gumboro baadaye, hiyo namba ndiyo jambo la kwanza nitakalouliza.

---

Kipanga_Masasi

Daktari, mimi bado sipendi kichupa kimoja kutumika mabanda mawili. Ukichelewa na foleni ya maji upande mmoja, upande wa pili unapewa maji matupu.

---

Dokta_Kuku_Lindi

Kama mtu ni mmoja na mabanda yako mbali, una haki, fungua viwili na uandike viwili. Kwa mabanda yaliyo jirani na watu wawili, inawezekana.

---

Mama_Tetea_Nachingwea

Hapa sasa ndipo panaponihusu. Kuku wangu walipewa dawa ya mafua kwenye maji. Leja ina kiasi cha dawa tu. Mayai nitaanza lini kuyauza?

---

Dokta_Kuku_Lindi

Leja yako imepungukiwa safu moja. Kila mstari wa dawa uwe na siku ya mwisho ya kutibu na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa hiyo. Lebo ikisema siku 7 kwa mayai na dozi ya mwisho ilikuwa tarehe 14, siku zinakamilika tarehe 21, unauza yaliyotagwa kuanzia 22. Dawa nyingine lebo inakataza kabisa kwa kuku wanaotaga, hiyo hakuna hesabu itakayoiokoa. Tuma jina la dawa na kilichoandikwa kwenye lebo.

Banda_Mikindani, amprolium yako ilikuwa ya asilimia ngapi, na walipewa siku ngapi?

---

Banda_Mikindani

Unga wa asilimia 20, pakiti mbili za gramu 100. A walipewa siku 5, lita 50 za maji kwa siku, gramu 0.6 kwa lita.

---

Dokta_Kuku_Lindi

Gramu 30 kwa siku, siku tano ni gramu 150. Leja imeandika pakiti mbili, yaani 200. Hiyo pakiti rafuni ina gramu 50 ambazo kwa leja hazipo. Kwa dawa ya unga kipimo kiwe gramu. Ipime kwa mzani mdogo wa jikoni. Ikiwa imeshika unyevu na kuganda, iandike "imetupwa", usiibakize. Unyevu wa pwani unaharibu pakiti iliyokunjwa tu bila kufungwa kwenye kopo.

---

Kijana_wa_Chuno

Nimefuatilia kimya. Leja hii inakaa vizuri kwenye simu, Excel au Google Sheets. Kosa la wengi ni kutengeneza safu ya kila siku na kuandika salio kwa mkono. Tengeneza karatasi mbili tu.

Ya kwanza iite Miamala. Safu: A tarehe, B bidhaa, C toleo, D kundi, E kilichoingia, F kilichotoka, G sababu. Kila tukio mstari mmoja. Mzigo ukiingia stoo, D inabaki wazi. Marekebisho ya Mzee yaandikwe kwenye F: A andika -30, B andika 30.

Ya pili iite Salio. A bidhaa, B kipimo (kilo, kichupa, gramu), kisha C, D na E hivi:

```
C2: =SUMIFS(Miamala!E:E,Miamala!B:B,A2)
D2: =SUMIFS(Miamala!F:F,Miamala!B:B,A2)
E2: =C2-D2
```

Matumizi ya kila kundi, ukiwa na jina la kundi kwenye G1 na H1:

```
G2: =SUMIFS(Miamala!$F:$F,Miamala!$B:$B,$A2,Miamala!$D:$D,G$1)
```

Ivute kulia na chini. G2 jumlisha H2 lazima ilingane na D2. Isipolingana, kuna kilichotoka bila kundi.

Fomula ikikataa, jaribu kuweka nukta mkato badala ya mkato. Inategemea simu imewekwa nchi gani.

---

Banda_Mikindani

Nimejaribu. Growa inaonyesha salio 112.5 badala ya 100. Nimehesabu mistari, ipo yote.

---

Kijana_wa_Chuno

Tofauti ni 12.5, ndoo moja kamili. Kuna mstari mmoja ambao fomula haiutambui. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, lakini nafasi mwishoni mwa neno ina shida: "Growa" na "Growa " kwake ni bidhaa mbili. Simu inapokamilisha neno huongeza nafasi yenyewe. Weka hii pembeni kwenye Salio, safu ya K:

```
=SUM(Miamala!F:F)-SUM(Salio!D:D)
```

Ikisoma sifuri, hakuna mstari wa kilichotoka uliotoroka. Halafu safu ya bidhaa na ya kundi uziwekee orodha ya kuchagua, asiandike mtu kwa kidole.

---

Banda_Mikindani

Ilikuwa hivyo, mstari wa tarehe 5. Sasa growa inasoma 100, G na H zinasoma 470 na 30, kisanduku cha pembeni ni sifuri. Mifuko miwili hiyo itanifikisha wapi?

---

Mzee_wa_Leja

Inategemea nani anaila. A wakiendelea na growa, kuku 290 kwa gramu 150 ni kilo 43 na nusu kwa siku, una siku mbili na kidogo. Kama finisha ya A ipo stoo na wanahama leo, growa inabaki ya B peke yao. Wanaanza na kama kilo 14 kwa siku na wanaongeza kila siku, kwa hiyo usigawanye 100 kwa 14 ukapata wiki. Weka siku sita.

Kiwango cha kuagiza ukiweke kwa siku, si kwa mifuko. Kama chakula chako kinatoka Dar, hesabu siku za mzigo kufika na uongeze akiba ya masika. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, Kilwa, mwenye akiba ya siku tatu alikuwa tayari amechelewa. Ila usirundike kupita wiki tatu au nne. Kwa unyevu huu mfuko uliolala sakafuni unaota ukungu chini. Weka kwenye mbao, mbali na ukuta, wa zamani utoke kwanza.

---

Banda_Mikindani

Finisha ipo mifuko 8, A wanahama leo. Nimepima mifuko mitatu ya finisha kabla ya kuiandika: 50.1, 49.2 na 48.6, pamoja na mfuko wenyewe. Niingize 50 au niingize mzani unavyosema?

---

Kijana_wa_Chuno

Ingiza mzani unavyosema, toa uzito wa mfuko mtupu. Kwenye G andika "mfuko pungufu".

---

Kipanga_Masasi

Akipima mitatu kati ya minane, mitano iliyobaki anaandika ngapi? Mimi nasema aandike 50, tofauti aimalize siku ya kuhesabu stoo.

---

Mzee_wa_Leja

Pima yote minane, ni kazi ya robo saa. Ule wa 48.6 upige picha ukiwa kwenye mzani, mshono ukionekana haujaguswa, kisha umpelekee aliyekuuzia kabla hujaufungua.

---

Mama_Tetea_Nachingwea

Daktari, nimeipata lebo. Imeandikwa siku za nyama tu, mayai hayakutajwa. Hapo inakuwaje?

---

Dokta_Kuku_Lindi

Kama mayai hayakutajwa, usichukulie kwamba ni sifuri. Simamisha kuuza, andika kwenye leja tarehe ya dozi ya mwisho, na uende na pakiti yenyewe kwa ofisa mifugo wa kata yako kabla ya trei yoyote kutoka.